Naomba ushauri: Noah kukaa miezi mitano bila kuwashwa, Makete

Habari wakuu. Nasafiri Juni hadi Oktoba, Noah inabaki bandani Makete. Betri ni ya maji. Ikijaa na kupumzika inasoma volti 12.6. Nitachomoa waya wa hasi, niiache kwenye chaja ndogo inayoshikilia volti 13.5, maana betri iliyoisha chaji inaweza kuganda kwa baridi yetu ya Julai. Shida ni umeme: ukikatika na kurudi, chaja gani huendelea yenyewe bila mtu kubonyeza?

Matairi nataka kuyanyanyua yasipate ubapa. Fundi anasema stendi zikae chini ya ekseli, si chasisi, ili springi zisining'inie. Nyuma sawa, mbele je? Chini ya wishiboni panahimili? Au niongeze upepo tu, ibaki chini?