Bajeti ya bekari baada ya robo ya kwanza: tuiache, tuirekebishe sasa au tusubiri Juni?

mkate_tanga (Aprili 2025)

Wakuu, habari za majukumu. Tuna bekari hapa Tanga, mimi na kaka zangu wawili. Tunaoka mkate wa slesi wa gramu 500 na kuwauzia wenye maduka kwa shilingi 1,500. Nimefunga hesabu za Januari hadi Machi na sasa hatuelewani nyumbani.

Mauzo: tulipanga mikate 60,000, tumeuza 64,500. Kwa fedha ni milioni 96.75 badala ya 90.
Unga: tulipanga mifuko 400 ya kilo 50 kwa 70,000, jumla milioni 28. Tumelipa milioni 34.2, yaani mifuko 450 kwa wastani wa 76,000. Hesabu yetu ni mikate 150 kwa mfuko.
Matengenezo ya oveni: tulitenga milioni 3, haijatoka hata senti.

Ukiweka na hamira, sukari, nailoni na mengineyo, faida ya robo imezidi kidogo ile tuliyopanga. Faida ya mwaka mzima tuliipanga milioni 30.

Kaka mkubwa anasema bajeti haiguswi mpaka Desemba, maana tumefanya vizuri. Anayemfuata anataka tuiandike upya wiki hii kwa sababu ya unga. Mimi naona tusubiri Juni. Yupi yuko sahihi?

kassim_hesabu

Kaka mkubwa. Sisi tulifundishwa kwamba tofauti isiyofika asilimia 10 unaiandikia maelezo na kusonga mbele. Mauzo yenu yamezidi kwa asilimia 7.5, faida nayo ipo. Unga umezidi kwa asilimia 22, sawa, lakini mmeoka zaidi, lazima unga uzidi. Sioni cha kurekebisha hapo.

bi_mizania

Kassim, hoja ya kuoka zaidi ni ya kweli, ila haibebi tofauti yote. Mikate 4,500 ya ziada inahitaji mifuko 30. Kwa bei ya bajeti hiyo ni milioni 2.1. Tofauti ya unga ni milioni 6.2. Zilizobaki milioni 4.1 zimetoka wapi?

Mdogo wangu wa Tanga, kabla ya kuchagua kati ya kaka zako nijibu mambo matatu. Hiyo mifuko 450 ni mliyonunua au mliyotumia? Bei ya unga ilikuwa ngapi kila mwezi, siyo wastani? Na bajeti ya mwaka mliigawaje kwa miezi?

mkate_tanga

Shikamoo bi mkubwa. 450 ni ya risiti, yaani tuliyonunua. Nimekwenda stoo na daftari: tarehe 1 Januari tulikuwa na mifuko 10, jioni ya 31 Machi ilikuwa 22.

Bei: Januari 70,000. Februari na Machi 79,000. Kila mwezi tulinunua 150.

Miezi tuliinakili kutoka mauzo ya 2024, tukayasawazisha kidogo. Kila mwezi mikate 20,000, isipokuwa Aprili 24,000. Mwaka huu Januari na Februari tumepata 20,000 kamili kila mwezi, Machi ikaruka hadi 24,500.

bi_mizania

Marahaba. Umenipa karibu kila kitu, na picha inageuka.

Anza na stoo. Mlikuwa na 10, mkanunua 450, mkabaki na 22. Mliotumia ni 438. Ile mifuko 12 iliyoongezeka ni mali iliyolala stoo, yenye thamani ya kama 912,000, haikuliwa na robo hii. Kwa hiyo gharama halisi ya unga ni karibu milioni 33.3, na tofauti inashuka kutoka 6.2 hadi karibu 5.3. Hiyo 5.3 igawe vipande vitatu. Wingi wa mikate: mifuko 30 kwa 70,000, milioni 2.1. Upotevu: mikate 64,500 ilistahili mifuko 430, nyie mmetumia 438, hiyo 8 ni 560,000. Bei: mifuko 438 mara 6,000, karibu milioni 2.63. Kama ungebaki na 450 ungemwandama msimamizi wa zamu kwa mifuko 20 iliyopotea, na 12 kati ya hiyo hakuigusa.

Mifuko 8 kwa robo nzima ni chini ya asilimia 2. Pima donge kwenye mizani kabla halijaingia kwenye bati: likizidi gramu kumi kila moja, unga wa namna hiyo unaondoka bila mtu kuiba wala kuunguza.

Sasa mauzo. Mwaka jana Idi el-Fitri iliangukia 10 Aprili. Mwaka huu imeangukia mwisho wa Machi. Mwezi wa Kiislamu hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na nyie mmenakili Aprili ya 2024 pamoja na sikukuu yake. Wateja wa kumi la mwisho na wa Idi wamehamia Machi. Ile 4,500 mnayoifurahia, kama 4,000 yake ni ya Aprili, na mwezi huu mtaona mkipungukiwa kwa kiasi hichohicho. Kwa mwaka mzima mmeongeza mikate kama 500 tu.

Oveni ni hivyohivyo. Milioni 3 haikuokolewa, imeahirishwa. Fundi akija Mei italipwa Mei.

Kilichobaki kikiwa cha kudumu ni bei ya unga, na hapo wastani wa 76,000 unakuficha. Kuanzia Februari mnanunua kwa 79,000. Miezi tisa iliyobaki, ukiondoa Idi kwenye Aprili, mna mikate 180,000, mifuko 1,200. Zidisha kwa 9,000: milioni 10.8 kwenye faida ya milioni 30. Robo hii imeonekana nzuri kwa sababu Idi na oveni vimeufunika unga.

mradi_dodoma

Naomba niongezee kwa uzoefu wa kwetu. Huwezi kubadilisha bajeti hivihivi jamani. Sisi kwenye mradi, ukihamisha zaidi ya asilimia 10 ya kifungu kimoja kwenda kingine, lazima upate barua ya kibali kutoka kwa mfadhili, la sivyo mkaguzi anaikataa gharama hiyo. Mkate_tanga, je, mna barua? Mwaka jana sisi tulisubiri kibali wiki nyingi hata semina ikapita tarehe yake.

karani_mombasa

Dada wa Dodoma, hao ni ndugu watatu na pesa ni yao, hakuna mfadhili. Yenu ni bajeti ya mkataba, yao ni ya kujiongozea.

Bi Mizania, hesabu nimeikubali, lakini hujajibu swali. Ni yupi kati ya ndugu watatu?

bi_mizania

Kweli, nilijisahau kwenye unga.

Ningeiacha bajeti ya Januari ilivyo, na pembeni yake niweke safu ya makadirio mapya kuanzia Aprili: mikate 20,000 badala ya 24,000, unga 79,000, oveni Mei. Kila mwisho wa mwezi mnalinganisha halisi na zote mbili. Bajeti ya mwanzo inawaambia mmeachana kiasi gani na mlichokubaliana, makadirio yanawaambia Desemba mtafikia wapi. Mkiifuta ya mwanzo leo, milioni 10.8 inapotea machoni. Robo ijayo kila kitu kitaonekana kiko sawa na mpango, kumbe faida imeshapungua kwa theluthi.

Kusubiri Juni sikubali kwa sababu moja. Uamuzi wa bei ya mkate hauwezi kungoja Juni, na huwezi kuufanya kwa namba ambazo unajua zimekufa.

mzee_wa_leja

Mimi napingana na binti yangu hapa, kwa heshima. Nimeweka vitabu vya maduka na viwanda vidogo miaka mingi. Safu tatu kwenye biashara ya ndugu zinazaa ugomvi. Kaka mkubwa atanukuu bajeti, mdogo atanukuu makadirio, na mwisho wa mwezi hakuna anayejua anadaiwa nini. Tena makadirio ni rahisi kuyashusha: mwezi ukiwa mbaya unayapunguza, ukiwa mbaya tena unayapunguza tena. Nimeona watu wakifikia makadirio kila mwezi hadi wakafunga duka.

Kwangu mimi, mpango hurekebishwa mara moja, kwa kikao na saini, pale dhana iliyoubeba inapovunjika. Unga 70,000 ilikuwa dhana. Imevunjika? Mwezi mmoja ningesema bado. Miwili, na bei haionyeshi kurudi, imevunjika. Rekebisha bei ya unga peke yake, Aprili hii hii, kisha funga mpaka Desemba. Idi na oveni si marekebisho, ni kuhamisha mwezi. Mifuko 8 msiiguse kabisa, hiyo lazima ibaki ikimuuma msimamizi.

kassim_hesabu

Mzee, na unga ukishuka baada ya mavuno? Mtakuwa mmerekebisha bure.

mzee_wa_leja

Mavuno ya nani, mwanangu? Ngano nyingi tunayokula Tanzania inatoka nje. Bei yake inafuata soko la dunia na dola, na miezi hii shilingi imeshuka dhidi ya dola baada ya kupata nguvu Desemba. Inaweza kurudi, ndiyo. Lakini usipange mwaka kwa kutegemea mavuno ya Hanang.

bi_mizania

Mzee, kwenye kutenganisha dhana na utendaji tuko pamoja. Ya makadirio kushushwa kila mwezi nayo ni hofu ya haki. Dawa yake naona ni kuyabadilisha mwisho wa robo tu, na kila badiliko liandikwe sababu na aliyelitaka. Bado nisingeifuta safu ya mwanzo.

karani_mombasa

Mkate_tanga, angalia bei ya kuuzia pia. Shilingi 100 kwa mikate 180,000 ni milioni 18, inafuta unga na kubakisha, ila kama hakuna mteja atakayekimbia, na wapo watakaokimbia. Huku kwetu tulipopandisha, maduka madogo yalihamia kwa mwokaji mwingine kwa wiki kadhaa, mpaka naye akapandisha.

mkate_tanga

Ahsanteni sana. Nimewasomea kaka zangu jana usiku. Kaka mkubwa aliposikia habari ya Idi alinyamaza, akafungua daftari la Aprili: siku kumi za mwanzo tumeuza pungufu ya bajeti, kama bi mkubwa alivyosema.

Tumekubaliana bajeti ya Januari ibaki, na safu ya pili iwe ya bei ya unga, Idi na oveni tu, tutie saini wote watatu. Stoo itahesabiwa kila mwisho wa mwezi, siyo robo. Bei ya 1,600 hatujaafikiana. Duka linauza 1,700, na wenye maduka wanasema tukipandisha nao watakwenda 1,800.

Nimebaki na moja. Msimamizi wa zamu tulimwahidi bonasi faida ya robo ikifikia bajeti. Imefikia, kwa msaada wa Idi na oveni. Tumlipe?

mzee_wa_leja

Mlipeni. Ahadi ilikuwa hiyo. Kuanzia robo hii mpimeni kwa mikate anayotoa kwenye mfuko mmoja, hiyo ndiyo iliyo mikononi mwake.

bi_mizania

Nami ningemlipa, ila nimwonyeshe mifuko 8 siku hiyohiyo.

kassim_hesabu

Mimi ningemlipa nusu. Mauzo ya Aprili yakipungua mtakuwa mmemlipa kwa Idi, siyo kwa kazi yake.