UZI WA MALALAMIKO: Hii tafsiri ya maelekezo ya kontrola ya sola inaharibu betri za watu

MwanaShangani:
Jamani, nimekasirika. Kuna kontrola za sola zinauzwa Darajani, ndani ya boksi mna karatasi ya Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Kiingereza kina hatua 7, Kiswahili kina 5. Hatua ya 2, 3 na 4 zimesongwa pamoja hivi:

"2. Unganisha paneli, betri iwe imefungwa na skrini inaonesha volti."

Soma kama anavyosoma mtu aliyepanda ngazi na bisibisi mkononi. Kitenzi cha kwanza ni "unganisha paneli", basi ataunganisha paneli. Halafu "betri iwe imefungwa": imefungwa waya au imezimwa? Hatua ya 1 imesema "funga kontrola ukutani", na chini kabisa wameandika "funga taa kabla ya kutoa betri", yaani zima. Neno moja, kazi tatu.

Betri ndiyo inayotangulia. Kontrola inayojipangia volti 12 au 24 huangalia betri kwanza. Paneli ya volti 12 isiyo na mzigo, jua likiwa kali, hutoa volti 21 au 22, na kontrola inaweza kudhani mfumo ni wa 24. Hapo betri ikifika 14.4 haikati chaji, maji yanachemka. Na taa haziwaki ingawa betri imejaa, kwa sababu volti 12 na kitu kwenye mfumo wa 24 ni betri iliyokufa.

Mwisho wanasema: "Alama ya chaji isipoonekana, rudi hatua ya 4." Kwenye Kiingereza hatua ya 4 ni paneli. Kwenye Kiswahili chao hatua ya 4 ni taa! Mtu atakesha anakaza waya za taa. Ukiunganisha hatua mbili kuwa moja, lazima ukasahihishe kila namba inayotajwa mbele. Nani alipitia kazi hii?

fundi_wa_Wete:
Nakubali kuhusu betri. Lakini mnajisumbua na maneno, watu hawasomi. Wekeni picha, basi.

MwanaShangani:
Kaka, itazame hiyo picha. Chini ya kontrola mna alama tatu, kutoka kushoto: paneli, betri, taa. Anayefuata picha peke yake ataanza na paneli vilevile. Picha ifae, iandikwe 1 kwenye betri, 2 kwenye paneli, 3 kwenye taa.

fundi_wa_Wete:
Hapo sawa. Sikuliangalia hilo la kushoto kwenda kulia.

bintiMkoani:
Samahani, ya kwangu usiku inawaka taa nyekundu, ndo tafsiri mbaya au imeungua?

MwanaShangani:
Dada, hilo lifungulie uzi wake. Pima betri kwa mita asubuhi kabla ya jua, uweke namba hapo, mafundi watakujibu.

Mimi ningeiandika hivi:

1. Kaza kontrola ukutani.
2. Unganisha nyaya za betri: nyekundu kwenye +, nyeusi kwenye −.
3. Subiri skrini iwake, usome volti. Isipowaka, usiendelee.
4. Unganisha nyaya za paneli.
5. Angalia alama ya chaji. Isipoonekana, rudi hatua ya 4.
6. Unganisha nyaya za taa.
7. Washa taa kwa kitufe.

Kila hatua inaanza na kitenzi cha kuamrisha. Hakuna "kuunganisha", hakuna "betri iunganishwe", maana hapo msomaji hajui kama anaambiwa yeye au anaelezwa tu. "Unganisha" ni ya waya peke yake, "kaza" ni ya skrubu, "washa" na "zima" ni za umeme. Kuvua ni kinyume: zima taa, toa nyaya za taa, kisha za paneli, betri mwisho.

Maalim_Ch:
Nauliza kwa adabu. Karatasi hii atasoma na mzee wa miaka 70. "Unganisha!" "Kaza!" si kumfokea? Kwa nini isiwe "uunganishe", "ukaze"?

MwanaShangani:
Maalim, shikamoo. "Tafadhali" moja juu kabla ya hatua ya 1 inatosha. "Uunganishe" mtu anaisoma mara mbili, na kwenye hatua ya 3 ile "usome" yangu inafuata kitendo kingine, haianzi.

Maalim_Ch:
Marahaba. Sijaridhika, lakini afadhali aina moja mwanzo hadi mwisho kuliko kuchanganya.

fundi_wa_Wete:
Na mie "unganisha" silipendi. Huku Pemba mteja anasema "nifungie sola", hakuna anayesema "niunganishie". Andikeni "funga waya" kila mahali, na la kuzima liwe "zima".

MwanaShangani:
Ukilitumia "funga" kwenye waya tu, na ukutani ukabakisha "kaza", sina ugomvi. Lakini kwenye kuvua utaandika "fungua"? Mtu atafungua kifuniko cha kontrola.

fundi_wa_Wete:
"Chomoa".

MwanaShangani:
Chomoa ni ya plagi. Hizi zimekazwa kwa skrubu, akivuta kwa nguvu anang'oa tundu. "Legeza skrubu, toa waya."