Tasnifu za historia ya Kusini zenye tanbihi zisizofika popote: "TNA, Boksi 14" ndiyo nini?

Mwalimu_Nachingwea:

Wakuu, leo nimekuja kulalamika. Nimechoka na wasomi wanaokuja huku kwetu, wanakula ubwabwa wetu, wanarekodi wazee, kisha wanaandika tasnifu ambayo hakuna mtu anayeweza kuihakiki.

Nina tasnifu moja hapa mezani, ya chuo ambacho sitakitaja, kuhusu mpango wa karanga wa enzi za Mwingereza. Inasema wanakijiji wa eneo fulani la Nachingwea waliridhia kuhama ardhi yao mwaka 1948 ili mashamba ya kampuni yapite. Wazee wangu wanakataa katakata. Wanasema walipeleka malalamiko kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya wa enzi hizo, na hawakujibiwa. Nikaangalia tanbihi nione ushahidi wa huko "kuridhia". Hii hapa, neno kwa neno:

"TNA, Boksi 14, Barua ya DC kwa PC, 1948, Kumb. 71/3."

Basi. Jina la mkusanyo hakuna, namba ya jalada hakuna, tarehe hakuna, hata jina la wilaya iliyoandika hakuna. Nilipofika Dar, Nyaraka za Taifa, yule dada wa chumba cha kusomea akanisikiliza kwa heshima, akasoma karatasi yangu, akauliza: "Mwalimu, boksi 14 la mkusanyo gani? Maana kila mkusanyo unaweza kuwa na boksi lake la 14." Sikuwa na jibu, na mwandishi hajibu barua pepe.

Hili si jambo dogo. Kwa sentensi moja ya tasnifu hiyo, kesho mtu atasema babu zetu walitoa ardhi kwa hiari. Halafu ushahidi wenyewe haufikiki! Msimamizi alisaini nini? Watahini walisoma nini?

Msomi_wa_Ndanda:

Mwalimu, punguza jazba. Mwandishi amefuata mwongozo. Miongozo mingi inasema wazi: anza na barua yenyewe, kisha folda, boksi, mkusanyo, mwisho jina la hifadhi. Amesahau folda na mkusanyo tu, lakini namba ya kumbukumbu kakupa, 71/3. Ungeomba kwa namba hiyo ungeletewa.

Mwalimu_Nachingwea:

"Amesahau mkusanyo tu." Ndugu yangu, hiyo ni sawa na kumwambia mtu nyumba yangu ni namba 14 bila kumtajia mji. Na kwa 71/3 niliomba pia. Haikupatikana kitu chenye maelezo hayo.

Shamba_la_Korosho:

Kama unatafuta hati ya shamba nenda ofisi ya ardhi ya wilaya, beba barua ya mtendaji wa kijiji. Mimi nilizungushwa sana ila mwisho nilipata. Dar watakupotezea nauli bure.

Mwalimu_Nachingwea:

Asante ndugu, ila sitafuti hati ya shamba. Natafuta barua ya mwaka 1948.

Masjala_Mstaafu:

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa vijana. Nimefanya kazi masjala za serikali maisha yangu yote, ngoja niseme ninachokijua.

Msomi wa Ndanda, hapo kwenye namba ya kumbukumbu ndipo wengi wanapojikwaa. Ile "Kumb. Na." juu ya barua ni ya aliyeandika. Inaonyesha jalada la ofisi yake yeye. Bwana DC akimwandikia PC, yaani mkuu wa jimbo, kule Lindi, namba iliyo juu ni ya jalada la DC. Barua ikifika Lindi, karani wa masjala ya PC anaigonga muhuri wa kupokelewa, anaiweka kwenye jalada la Lindi lenye namba nyingine kabisa, anaipa namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada. Kwa hiyo barua hiyo moja inaishi mahali pawili: nakala ya kaboni imebaki kwa DC, ile yenye saini imekwenda kwa PC. PC akiona jambo ni zito anapeleka nakala kwa Katibu Mkuu wa Serikali Dar, hapo panakuwa patatu. Gavana akiipeleka London kama kiambatisho, pamekuwa pane.

Majalada hayo yote hayakuingia Nyaraka za Taifa kwa mlango mmoja. Ya Sekretarieti, ofisi ya huyo Katibu Mkuu, yana mfululizo wake wa namba. Ya mikoa na wilaya yalipokelewa kwa mafungu, kila fungu na namba yake ya mapokezi, ile inayoandikwa Acc. Ukitaka mtu akufuate, mpe fungu, kisha jalada, kisha folio. Boksi ni chombo cha kubebea. Likichakaa makaratasi yanahamishiwa jingine, na namba inaweza kubadilika, ila namba ya jalada inabaki vilevile.

Msomi_wa_Ndanda:

Sawa mzee, lakini usiseme boksi halina kazi. Vitabu vyote vya uandishi wa kitaaluma vinalidai.

Masjala_Mstaafu:

Sijasema halina kazi, mwanangu. Kwenye hifadhi nyingi za Marekani, na kwenye karatasi za watu binafsi, boksi na folda ndiyo anwani yenyewe, usipoziandika hupati kitu. Ila kila hifadhi ina ngazi zake. Kew kule Uingereza unaagiza kwa herufi za wizara, mfululizo na namba ya kipande. Barua za Wizara ya Makoloni kuhusu Tanganyika ziko CO 691, halafu mkwaju, halafu namba ya kipande. Hapo huandiki boksi. Ukienda Berlin, majalada ya Ofisi ya Makoloni ya Wajerumani ni R 1001 na namba. Andika kwa ngazi za mahali ulipoisoma.

Na kuna jingine. Hiyo "TNA" ni ipi? Dar tunaiita TNA. Kew nao tangu 2003 wanajiita The National Archives, wasomi wanaandika TNA vilevile. Kabla ya hapo ilikuwa PRO, Public Record Office. Mtu aliyezitumia zote mbili asipofafanua mwanzoni mwa tasnifu, msomaji anaweza kupanda ndege bure.

Mwalimu_Nachingwea:

Mungu wangu! Tasnifu yenyewe imetumia zote mbili. Kwenye shukrani anawashukuru watu wa Kew na wa Dar. Orodha ya vifupisho inasema "TNA – Nyaraka za Taifa" na imekomea hapo. Kwa hiyo hata nchi siijui!

Mzee, mwishoni mwa tasnifu kuna kiambatisho, picha ya ukurasa mmoja wa barua hiyo. Imefifia lakini inasomeka. Inaweza kusaidia?

Masjala_Mstaafu:

Inasaidia sana. Angalia vitu vitatu: kona ya juu kulia kuna namba ya mkono? Kuna muhuri wa kupokelewa, na una jina gani? Pembeni mwa maandishi ya chapa kuna maandishi ya kalamu?

Mwalimu_Nachingwea:

Kona ya kulia kuna 42, imeandikwa kwa mkono na kuzungushiwa duara. Kuna muhuri umepinda, nasoma "PROVINCIAL" na chini yake "LINDI", tarehe haisomeki. Chini kuna saini. Pembeni mtu ameandika kwa kalamu maneno mawili matatu, nasoma "see 41" tu.

Masjala_Mstaafu:

Basi hiyo si kaboni ya DC. Ni barua iliyopokelewa Lindi, wakati huo makao makuu ya Jimbo la Kusini. Usitafute kwa 71/3 na usitafute majalada ya wilaya. Omba orodha ya majalada ya Jimbo la Kusini, tazama yanayohusu karanga au ardhi ya miaka 1947 hadi 1951. Ukipata jalada, fungua folio 42.

Halafu usiishie 42. Aliyeandika "see 41" alikuwa anaunganisha barua hiyo na iliyoitangulia. Sijui 41 ni nini, wala sitaki kukupa matumaini ya uongo. Lakini kama wazee wako walipeleka malalamiko, mahali pa kuyatafuta ni karibu na hapo. Soma pia madokezo yaliyo mbele ya jalada, ndimo wakubwa walimokuwa wakiambiana ukweli.

Mwalimu_Nachingwea:

Nasoma hapa mikono inatetemeka kwa hasira. Kwa maana mwandishi alikuwa na jalada mikononi, akaona "see 41", akapiga picha ya 42, akaandika "waliridhia"! Na tanbihi yake imehakikisha hakuna wa kumfuata.

Msomi_wa_Ndanda:

Hapo unamhukumu. Huenda 41 ni risiti tu. Ila nakubali, tanbihi hiyo haitoshi. Mzee, ingetakiwa iweje?

Masjala_Mstaafu:

Namba, tarehe na majina natunga, mtu asije akayanakili: "DC Nachingwea kwa PC Lindi, 5 Mei 1948, folio 42, jalada 000/00 'Ardhi ya Mpango wa Karanga', Acc. 00, Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam." Jina la jalada liandikwe kama lilivyo kwenye kava, hata kama limekosewa. Namba zikibadilika, jina na tarehe vitamfikisha mtu.

Na wenye simu: kabla ya kupiga picha ya barua yoyote, piga kava la jalada kwanza. Ukirudi nyumbani na picha mia tano zisizo na kava, ndipo "Boksi 14" zinapozaliwa.

Mjukuu_Newala:

Samahani naingilia. Mimi nina barua za babu kwenye sanduku la bati, baadhi kwa herufi za Kiarabu. Moja imeandikwa mwaka 1323. Ndugu yangu chuoni ameitaja kama "barua ya 1905, Boksi 1". Ni sawa?

Masjala_Mstaafu:

Si sawa. Sanduku la bati si boksi la hifadhi, akiandika hivyo watu watalitafuta Dar. Aandike nani kwa nani, mahali, na kwamba iko mikononi mwa familia, Newala. Mwaka 1323 wa Hijria ulianza Machi 1905 ukaisha Februari 1906. Kama mwezi hausomeki, aandike 1323 H na kando yake 1905/1906. Kwa Kusini tofauti hiyo ni kubwa, Maji Maji ilianza Julai 1905. Barua ya kabla na barua ya baada si kitu kimoja. Na msizipange upya, ziacheni kwa mpangilio wa babu.

Mjukuu_Newala:

Na majina ya waliotajwa ndani? Wajukuu zao wapo hapa hapa mtaani.

Bi_Mikindani:

Hapo mimi nasema msiyaandike. Kuna madeni na ndoa za watu humo.

Msomi_wa_Ndanda:

Ukificha mwandikaji na mwandikiwa, tanbihi imekufa tena. Tutarudi kule kule kwa Mwalimu.

Bi_Mikindani:

Afadhali ife tanbihi kuliko kuvunja majirani.

Mwalimu_Nachingwea:

Hilo jadilianeni, mimi narudi kwenye langu. Nimeandika barua kwa chuo kilichotoa tasnifu, nimeambatisha picha ya kiambatisho na maelezo ya mzee. Nimedai mambo mawili: mwandishi ataje jalada, na sentensi ya "kuridhia" iwekewe alama ya kutohakikiwa kwenye nakala ya maktaba mpaka folio 41 isomwe. Likizo ikifika naomba majalada ya Jimbo la Kusini mwenyewe. Aliyewahi kuyashika, aniwekee hapa namba ya Acc. na jina la jalada kama lilivyo kwenye kava.