Kupanga magunia kwa njia nafuu kwanza au kwa mtiririko wa gharama ndogo zaidi?

Mpangaji_Nakuru: Hamjambo nyote. Kitale tuna magunia 60 na Nakuru 40, nao Kisumu na Kakamega wanataka 50 kila mmoja. Kwa kila gunia, Kitale hadi Kisumu ni shilingi 80, kwa kuwa malori hurudi huko matupu. Kitale hadi Kakamega ni 90. Nakuru hadi Kisumu ni 100. Nakuru hadi Kakamega ni 140. Nilijaza njia nafuu kwanza, nikapata shilingi 10,500. Je, kuna faida yoyote ya kuingia katika modeli kamili?

Hesabu_Milimani: Ipo, ndugu. Kwa kuijaza ile njia ya 80, umeilazimisha Nakuru ipeleke magunia yake yote 40 kwa njia ya 140. Jaribu kuzungusha gunia moja: Nakuru ipeleke Kisumu (ongeza 100), Kitale ipunguze Kisumu (toa 80) na iongeze Kakamega (ongeza 90), kisha Nakuru ipunguze Kakamega (toa 140). Jumla ni hasi 30. Maadamu mzunguko hasi kama huo upo, mpango haujafikia gharama ya chini kabisa. Zungusha magunia 40 na utalipa 9,300.

Duka_Kondele: Mimi husambaza mitungi ya gesi, na ramani ya simu hunionyesha njia fupi. Hiyo haitoshi?

Hesabu_Milimani: Hiyo hukupa njia ya lori moja, mama. Hapa swali ni nani amhudumie nani, na kwa kiasi gani.

Mpangaji_Nakuru: Ninashukuru, lakini nilisahau jambo: malori ya Nakuru kwenda Kisumu hubeba magunia 25 tu.

Mwanafunzi_Maseno: Basi weka kikomo hicho, na uongeze sharti la namba nzima, la sivyo utapata nusu gunia.

Hesabu_Milimani: Kikomo, ndiyo, sharti hilo si la lazima. Ugavi, mahitaji na vikomo vyote vikiwa namba nzima, daima upo mpango bora wa namba nzima, na mbinu ya simpleksi huufikia yenyewe. Sasa utazungusha 25 tu, gharama iwe 9,750. Zaidi ya bei ya kawaida, kila nafasi ya ziada kwenye njia hiyo ina thamani ya shilingi 30, hadi ifike 40. Usimlipe mwenye lori nyongeza inayozidi hapo. Ukitumia maktaba ya Python iitwayo `networkx`, andika ugavi kwa alama hasi, yaani `demand=-60`. Mimi niligeuza alama siku moja, nikaambiwa hakuna suluhisho, nikapoteza alasiri nzima nikikagua vikomo.

Mpangaji_Nakuru: Na mwenye lori akidai malipo ya safari nzima, hata akibeba magunia 5?

Hesabu_Milimani: Hapo gharama haifuati tena idadi ya magunia, na modeli hii haitoshi. Kwa njia nne unaweza kujaribu kila mpango kwa mkono; zikiwa arobaini, sina jibu jepesi.

Mwanafunzi_Maseno: Basi hapo namba nzima zitahitajika, kuhesabu safari.