Naomba ushauri: Outlook 2010 inapokea barua pepe ila haitumi

Wakuu, habari zenu. Naombeni msaada kuhusu kompyuta ya dukani kwa mama, yenye Outlook 2010. Oda na ankara zake zote zimo humo, kwa hiyo kuhamia programu nyingine kwa sasa hataki, na namwelewa.

Juzi tuliwasha uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti yake ya Gmail. Outlook hiyo haina pa kuingiza msimbo unaokuja kwenye simu, basi nikafungua myaccount.google.com/apppasswords, nikatengeneza nenosiri la programu, zile herufi 16, nikaliweka kwenye sehemu ya Password bila nafasi. Barua zinaingia vizuri kupitia imap.gmail.com, mlango 993. Kutuma ndiko kunagoma, na ujumbe unaokuja ni huu:

```
534-5.7.9 Application-specific password required
```

Nahisi upande wa kutuma bado unatumia nenosiri la zamani. Nimeona kwenye More Settings, kichupo cha Outgoing Server, kuna Log on using yenye nenosiri lake peke yake. Je, niweke herufi zilezile hapo, au nichague Use same settings as my incoming mail server?

Jingine: nataka kubadilisha nenosiri kuu la akaunti, na najua Google hufuta manenosiri ya programu ukifanya hivyo. Nibadilishe kwanza ndipo nitengeneze jipya, sivyo? Mama ana ankara za kutuma, naombeni mnijibu mapema.