Naomba ushauri: grupu la wateja limevujisha namba zao

Habari zenu wapendwa. Nauza mitumba ya watoto soko la Memorial, Moshi. Nina grupu la WhatsApp lenye wateja 140, wengi akina mama. Wiki iliyopita mtu aliyekuwa humo alichukua namba zao, akawaandikia mmoja mmoja inboksi akiomba "advansi ya mzigo" kwa jina langu. Mama mmoja wa Majengo alituma 15,000. Iliniuma sana.

Nikaweka admini tu ndio waandike. Haikusaidia, kwani ukigusa jina la grupu bado unaona wanachama wote na namba zao.

Nikajaribu orodha ya matangazo. Majibu yanakuja kwangu peke yangu, hakuna anayemwona mwenzake. Ila kwa wengi ilibaki tiki moja: asiyesevu namba yangu ujumbe haumfikii.

Chaneli nayo inaficha namba za wafuasi, na yangu pia, lakini mteja hawezi kujibu "nibakizie hilo gauni". Anaweka emoji tu.

Nafikiria chaneli ya picha, kila posti na linki ya wa.me ya namba yangu ya biashara, waagize inboksi. Aliyefanya hivi, wateja walihamia kweli? Mliwahamishaje?