Andazi la 200 halipandi, mafuta yamepanda: nibadilishe nini?

MamaTabu_Moro

Habari za jioni wadau. Nauza maandazi hapa Morogoro, nje ya geti la shule, andazi moja 200. Kwa siku nakanda kilo 3 za ngano na napata kama 115. Mafuta ya alizeti niliyokuwa nanunua 5,000 kwa lita sasa ni 7,000. Sukari ilikuwa 3,000 kwa kilo, imefika 4,500, inanikumbusha mwanzo wa 2024 mvua za El Niño zilipozuia miwa kuvunwa. Ngano bado imetulia kwenye 2,000.

Bei siwezi kugusa. Watoto wanapewa 200 mkononi, nikisema 250 wanahamia kwa jirani mwenye mihogo ya kukaanga. Mtaji ninaotoka nao ni 16,000, basi. Hesabu ya leo: ngano 6,000, sukari gramu 600 ni 2,700, mafuta lita nzima 7,000, hamira na iliki 1,000, mkaa 1,500. Jumla 18,200. Nimepungukiwa 2,200.

Nawaza mambo matatu. Kwanza, nihamie mafuta ya kupima, ambayo ni 6,000 kwa lita. Pili, nichanganye ngano na unga wa muhogo au viazi lishe. Tatu, nipunguze ukubwa wa andazi. Aliyewahi kujaribu anisaidie, nisiharibu unga wa watu.

Kaka_wa_Sokoni

Dada, hamia ya kupima bila kuwaza. Mengi ni mawese yaliyosafishwa, na kwa kukaanga mara nyingi yanavumilia moto kuliko alizeti, hayaharibiki upesi. Cha kuangalia ni muuzaji. Yakitoa povu jingi mwanzoni kabisa, au yakifuka moshi kabla hayajapata moto wa kukaangia, ujue yamechanganywa na mafuta yaliyokwisha kutumika.

Ila usijifunge nayo. 2022 Indonesia ilipozuia mawese yasitoke nje, kuanzia mwisho wa Aprili mpaka Mei, sisi tuliokuwa tumeegemea mawese peke yake ndio tulioumia.

Halafu siri ya bure: tia chumvi kijiko kimoja kwenye mafuta, na uyaache yapate moto mpaka yafuke moshi. Andazi halinywi.

Bibi_Karai

Kaka hapo kwenye mawese uko sawa, lakini siri yako nusu ni kweli, nusu itamtia hasara. Mafuta yakiwa baridi andazi linakunywa, hilo ni kweli. Yakifika kwenye moshi yameanza kuungua. Andazi linakuwa jeusi nje na bichi katikati, na mafuta hayo kesho hayafai. Chumvi nayo inayachosha mafuta haraka zaidi, haizuii chochote.

Mama Tabu, mimi nimekaanga miaka mingi, jikoni kwa watu na kwangu. Kabla hujabadilisha aina ya mafuta, angalia hesabu yako mwenyewe. Lita moja ina uzito wa kama gramu 920. Ukiigawa kwa maandazi 115, kila moja linakunywa gramu 8. Hiyo ni nyingi. Andazi la ukubwa huo likikaangwa vizuri linakunywa gramu 5 au 6. Ukihamia ya kupima unaokoa 1,000. Ukizuia kunywa unaweza kuokoa zaidi ya hapo, kwa mafuta yaleyale.

Sasa nijibu mambo mawili. Unakanda saa ngapi, na hamira unatia kiasi gani?

MamaTabu_Moro

Nakanda saa 3 usiku, nakaanga saa 11 alfajiri. Hamira vijiko viwili vikubwa.

Bibi_Karai

Hapo ndipo mafuta yako yanapokwenda. Hamira hiyo ni ya unga wa kukaa saa moja na nusu. Wewe unauacha saa 8, tena kwenye joto la Morogoro. Alfajiri ukifunua unakuta umepanda kisha umebonyea katikati, una harufu ya pombe, ukiugusa unanata. Sivyo? Unga wa hivyo una vitundu vikubwa na ngozi dhaifu, unakunywa kama sifongo.

Punguza hamira iwe kijiko kimoja cha chai, kanda kwa maji baridi, na usiulegeze. Asubuhi ukibonyeza kwa kidole, shimo lirudi polepole. Lisiporudi kabisa, umechelewa.

Kwenye karai, dondosha kipande kidogo cha unga. Kizame, kisha kiibuke juu ndani ya sekunde mbili tatu kikiwa na mapovu pembeni. Kikikaa chini, subiri. Na usijaze karai: maandazi 15 kwa mpigo yanapoza mafuta hata kama moto ni mkali, weka 8.

La mwisho, ambalo wengi hawalijui: andazi linakunywa sana likishatoka kwenye mafuta. Likiwa ndani, mvuke unatoka kwa nguvu na kuyasukuma mafuta nje. Ukilitoa, mvuke unapoa na yale mafuta yaliyobaki juu ya ngozi yanavutwa ndani. Kwa hiyo litikise juu ya karai palepale, halafu liweke kwenye chekeche. Ukilitupa moja kwa moja kwenye ndoo, umelilisha mafuta.

Hayo niliyosema usiyaamini hivihivi. Pima karai na mafuta yake kwenye mzani wa duka kabla ya kuanza, pima tena ukimaliza yakishapoa. Tofauti ndiyo iliyoliwa.

Baba_Watoto_4

Mimi pia bei za mafuta zimenikaba. Kwetu tuna 10,000 ya mafuta kwa mwezi na tuko sita. Tumeacha kuunga mchicha kwa mafuta, mke wangu anasaga karanga na kuziweka mwishoni. Kitunguu anakiivisha kwa maji kidogo kwanza, mafuta yanakuja baadaye kijiko kimoja. Jaribu hiyo mama, watoto hawajalalamika.

Kaka_wa_Sokoni

Kaka, mwenzio anauza maandazi. Ataunga andazi kwa karanga?

Baba_Watoto_4

Aa, samahani. Nilisoma kichwa cha habari tu. Ila karanga ni nzuri.

Viazi_HomaBay

Naandika kutoka Homa Bay, Kenya. Mimi mandazi yangu nusu mwaka ni ya viazi vitamu vile vya rangi ya chungwa, mnavyoviita viazi lishe. Kwa kilo 3 zako, toa gramu 750 za ngano na uweke kilo moja ya viazi vilivyopondwa. Sukari nayo utapunguza gramu 200, kwa sababu viazi vina utamu wake. Kwa bei zako unaokoa 1,500 ya ngano na 900 ya sukari, kisha utoe gharama ya viazi na mkaa wa kuviivisha. Vikiwa msimu wake, faida inaonekana. Nje ya msimu, sahau.

Kosa nililofanya mwanzoni: nilivichemsha ndani ya maji, nikaponda, halafu nikatia maji ya kukandia kama kawaida. Ikawa uji. Viivishe kwa mvuke na maganda yake, menya, ponda vikiwa moto, viache vipoe, kisha kanda bila maji. Maji unayaongeza kwa kijiko, ukiona unga unayataka.

Shida moja sijaimaliza. Yanapata rangi haraka sana. Nikiacha moto wa kawaida yanakuwa kahawia kabla katikati hakujaiva, nikipunguza moto yanakunywa mafuta. Bibi Karai unasemaje?

Bibi_Karai

Mwanangu, hilo hata mimi linanisumbua. Mimi nayasukuma yawe membamba kidogo ili yaive upesi, lakini jembamba lina ngozi nyingi kuliko nyama, na ngozi ndiyo inayokunywa. Sijapata jibu la kuniridhisha.

Hiyo hiyo ndiyo sababu ya kumkataza Mama Tabu kupunguza ukubwa. Unga wake ni kama kilo 5 na robo baada ya kukandwa. Akikata ya gramu 40 badala ya 45, anapata kama 130, anafurahi, lakini ngozi imeongezeka na mafuta yatakwenda zaidi. Na watoto wana macho.

Mjukuu_wa_Mtwara

Muhogo je? Hakuna aliyeuzungumzia. Kwetu ni rahisi kuliko ngano. Nimewahi kuweka nusu kwa nusu, yalitoka mazuri ya moto, lakini saa 4 yalikuwa mawe.

Bibi_Karai

Nusu ni nyingi. Muhogo hauna ule mvutano wa ngano unaoshika hewa. Katika kilo 3, weka gramu 300, ukizidisha sana 450, na uyauze asubuhi hiyohiyo. Na uujue unatoka wapi. Muhogo mchungu usipolowekwa na kukaushwa sawasawa una sumu, na bei zikipanda kuna watu wanafupisha siku za kuloweka. Kwa chakula cha watoto wa shule mimi nisingenunua unga wa muhogo nisiyemjua aliyeutengeneza. Mwenyewe unayemenya na kuloweka, hilo jingine.

MamaTabu_Moro

Shikamoo Bibi. Nimerudi na majibu ya siku tano, nimepima kwenye mzani wa Mangi wa hapa kona.

Siku ya kwanza nilikaanga kama nilivyozoea. Maandazi 115 yalikula gramu 930. Siku ya pili nilipunguza hamira, nikasahau maji baridi, unga ukawa bado umezidi kidogo: 810. Ya tatu nilifanya yote, nikakaanga manane manane na kuyatikisa: 690. Ya nne mvua ilinyesha, mkaa ulikuwa na unyevu, moto ukawa unalegea: 780. Jana 695.

Kwa hiyo siku nzuri naokoa robo lita na kidogo, kama 1,800. Zimebaki 400. Nilipunguza sukari gramu 100, nikaongeza iliki na chumvi kidogo kwenye unga. Hiyo ni 450. Nimeingia ndani ya 16,000 bila kubadilisha mafuta. Ila kukaanga manane manane kumenichelewesha, nafika getini kengele ya kwanza imeshalia, na juzi nilirudi na maandazi 9. Hiyo ni 1,800 nyingine imepotea, jamani.

Na kuna mtoto wa darasa la pili kaniuliza, "Shangazi, leo sukari iliisha?" Mmoja tu, lakini kauliza.

Kaka_wa_Sokoni

Rudisha sukari, hamia ya kupima. Kwa robo tatu ya lita unayotumia sasa unaokoa kama 750, inafidia 450 na chenji inabaki. Kuhusu kuchelewa, nunua karai la pili.

MamaTabu_Moro

Karai la pili linataka jiko la pili, na mkaa wake. Ya kupima nitajaribu Jumatatu, nianze na nusu lita. Viazi lishe vimeanza kushuka sokoni wiki hii, Dada wa Homa Bay, hebu niambie: hicho kilo moja kinapimwa kabla ya kumenya au baada?

Viazi_HomaBay

Baada. Nunua kilo moja na robo, maganda na ncha zinakula hiyo robo.